Vitendawili vya wanyama kwa watoto wa Lodwar na Kakuma: irabu kwanza, konsonanti baadaye

Kitendawili ambacho jibu lake linajulikana mapema kuwa ni mnyama kina ugumu ambao vingine havina. Kwa kawaida fumbo hupata nguvu kwa kuficha jamii ya kitu: unaambiwa nyumba, kumbe ni yai, unaambiwa mzee, kumbe ni mlima. Ukishawatangazia watoto kwamba leo ni wanyama watupu, sehemu hiyo imekwisha. Kilichobaki ni kumtenga mnyama mmoja na wanyama wenzake. Kwa hiyo "ana miguu minne na mkia" si kitendawili, ni kelele. Mtoto wa Lodwar atakutajia mbuzi, ukikataa atataja punda, ukikataa tena atapita zizi zima mpaka apate, na atakuwa hajafikiri hata mara moja.

Hapo ndipo wengi huongeza dokezo la herufi, na wengi huanza na herufi ya kwanza. Katika Kiswahili hilo halifai sana. Majina mengi mno ya wanyama yanaanza kwa M au N. Ukisema "linaanza na M" umebakiza mbuzi, mbwa, mbuni, mbweha, mbu, mamba, mchwa, mjusi na mende. Ukisema "N" umebakiza ngamia, ng'ombe, nguruwe, nge, nyoka, nyani, nyati, nyuki, nzi na nzige. Kwa upande wa pili, ukisema "D" umetoa jibu lote, maana ni majina machache tu yanayoanzia hapo. Dokezo la namna hiyo ama halisemi kitu ama linasema kila kitu.

Mwongozo huu unashika njia nyingine: toa irabu zote kwanza, ficha konsonanti, kisha zifunue moja moja kadiri watoto wanavyokwama. Mtoto anayejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu anazijua irabu kabla ya kitu kingine. Akiona A mbili zimekaa mahali pake anaanza kulitamka neno kwa mdomo uliofumba nusu, akilitafuta. Wakati huo anasoma bila kuambiwa asome.

Kutengeneza kipande

Unahitaji katoni kuukuu ya sabuni au mafuta, kalamu ya wino mzito na vifuniko vya chupa za soda. Kata katoni vipande virefu, upana wa vidole vitatu hivi. Chora visanduku vyenye upana wa sentimita 4 kila kimoja, kwa sababu kifuniko cha soda kina upana wa zaidi kidogo ya sentimita 3 na lazima kikifunike kisanduku bila kugusa jirani. Jina refu kuliko yote katika seti hii lina visanduku 8, hivyo kipande chake ni cha sentimita 32. Andika jina kwa herufi kubwa, kila herufi na kisanduku chake, halafu weka vifuniko juu ya konsonanti zote. Irabu zibaki wazi.

Mchangani pia inawezekana, na pale Lodwar mchanga haujawahi kuadimika. Chora visanduku kwa kijiti na uandike irabu tu, konsonanti ukizihifadhi kichwani. Tatizo ni upepo. Kufikia saa nne au tano asubuhi unaanza kufuta maandishi, na watoto wa mstari wa nyuma wanabaki kubishana kama ile ilikuwa A au O. Ukicheza mchangani, cheza mapema au kaa upande wa ukuta usiopigwa na upepo. Katoni haina shida hiyo, vifuniko vyenyewe vinaishikilia.

Kuna sheria moja ya kukubaliana kabla ya kuanza: herufi zinazotoa sauti moja hukaa kisanduku kimoja. CH ni kisanduku kimoja, vivyo hivyo NY, SH na NG' yenye kibainishi. Lakini NG isiyo na kibainishi, MB, ND na NZ huchukua visanduku viwili. Kwa sheria hii ng'ombe ana visanduku 5 na ngamia ana 6, na mtoto aliyezoea kuandika "ngombe" anaona kwa macho yake kwamba kuna kitu amekiacha. Waambie sheria hii mwanzoni, tena kwa mfano, la sivyo nusu ya muda itakwenda kwenye mabishano ya kuhesabu.

Usitumie makofi ya silabi kuwa dokezo, hata kama darasani mmeyazoea. Kwa mamba na punda yanakwenda vizuri, makofi mawili na irabu mbili. Kwa maneno mafupi yanavuruga: mbu, nge, nzi na mbwa hutamkwa kwa mapigo mawili, ile M au N ya mwanzo ikisimama peke yake, ingawa irabu ni moja. Mtoto akisikia makofi mawili atatafuta irabu mbili, na ana haki.

Kutega na kuuza miji

Utaratibu ni ule ule wa siku zote. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wengine wanaitika "Tega!" Wakishindwa, mtegaji anadai mji, anapewa, anasafiri humo kwa maneno mawili matatu ya majivuno, ndipo anatoa jibu. Unachobadilisha ni kwamba mji haununui jibu peke yake, unanunua pia dokezo. Kitendawili chenyewe ni bure, bila kipande. Anayetaka kuona irabu anatoa kituo kidogo: Lokichar, Kalokol, Lokitaung. Anayetaka kifuniko kimoja kiondolewe anatoa Lodwar au Kakuma. Anayetaka jibu lote anatoa mji mkubwa, Nairobi au Mombasa, na mtegaji anajigamba atakavyo juu ya samaki aliowala huko.

Kakuma miji inayotolewa itakuwa mingine. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Sudan, na tangu hapo wamekuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Makazi ya Kalobeyei, kilomita chache kutoka hapo, yalianza miaka ya 2010. Watoto wa kundi moja wataweza kukupa Juba, Kismayu, Bukavu na Bujumbura kwa pumzi moja. Pokea yote. Ila usimdai mtoto akupe mji wa kwao. Akisema Nairobi ambako hajawahi kufika, hiyo ni Nairobi halali.

Darasa la Kakuma likiwa limejaa, na mara nyingi watoto hupita mia moja, usijaribu kucheza na darasa zima. Watakaosikika ni wale wale wanne. Gawa makundi ya watoto sita hadi wanane, kila kundi na vipande vyake vinne na mtegaji wake mmoja anayejua kusoma, halafu makundi yabadilishane vipande.

Tuanze na rahisi

Kitendawili cha kwanza kiwe cha mnyama wa nyumbani, lakini si kwa sifa ambayo kila mtu huitaja. Mifugo mitano ya Waturkana ni ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, na wawili kati yao, ngamia na punda, hujulikana kwa kubeba mizigo. Ukisema "nabeba mzigo" umewachanganya hao wawili. Sema hivi:

Shehena yangu haishuki: nikishiba inasimama, njaa ikija inalegea.
_ _ A _ I A

Ni ngamia na nundu yake. Ndani ya nundu mna mafuta, si maji, na ngamia aliyekaa na njaa kwa muda mrefu nundu yake hupungua na hata kulala upande mmoja. Watoto wengi, na watu wazima pia, wataapa kwamba ni tangi la maji. Kitendawili hiki kimekataa uongo huo makusudi. Neno "njaa" ndilo ufunguo, na anayedhani ni maji atauliza mbona hukusema kiu. Mjibu.

Njia panda imechorwa mgongoni mwangu, lakini ya kisimani siipotezi.
_ U _ _ A

Punda wengi wa kijivu wana mstari mweusi unaoshuka kwenye uti wa mgongo na mwingine unaoukata mabegani. Mtoto anayempakia punda madumu kila asubuhi ameuona mstari huo maelfu ya mara na hajawahi kuutaja. Akikisikia kitendawili hiki atanyamaza, kisha atacheka.

Wenzangu hunenepa tumboni, mimi hunenepa mkiani.
_ O _ _ O O

Kondoo wa Turkana ni wa mkia mnene, na kwa mtoto wa hapa jambo ni wazi. Mtoto aliyetoka mahali penye kondoo wa mkia mwembamba atahitaji irabu. Zile O mbili za mwisho zitamwokoa, maana ni nadra jina la mnyama kumalizika hivyo.

Irabu zinapofanana

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo mtengenezaji wa vipande anapotakiwa kuwa makini. Tazama kipande hiki:

_ _ U _ I

Visanduku vitano, U katikati, I mwisho. Ni nani? Ni mbuzi. Ni mbuni pia. Tena ni mjusi. Wanyama watatu, mmoja wa zizini, mmoja wa nyikani na mmoja wa ukutani, na kiunzi chao cha irabu ni kimoja. Ukitega mmoja wao, kitendawili chenyewe lazima kiwakatae wale wawili, kwa sababu dokezo la irabu halitawakataa. Vya hao watatu ni hivi:

Kwetu hata mama ana ndevu.
Mchana analalia mwenye nguo ya vumbi, usiku analalia mwenye nguo nyeusi.
Akinishika mkia namwachia, naenda kuotesha mwingine.

Cha kwanza ni mbuzi na hakihitaji maelezo. Cha pili ni mbuni: jike, ambaye rangi yake ni ya kijivu na kahawia, hulalia mayai mchana bila kuonekana kwa urahisi, na dume mweusi hushika zamu ya usiku. Neno "analalia" linamtoa mbuzi na kumwacha mjusi shakani kidogo, maana mjusi naye hutaga, lakini mjusi havai nguo mbili. Cha tatu ni mjusi.

Sasa swali la vifuniko. Mtoto ameshanunua irabu, bado amekwama kwenye mbuni, anatoa Lodwar ili umfunulie konsonanti moja. Ufunue ipi? Ukifunua ya kwanza, ni M, na wote watatu wana M; umekula mji wa mtoto bure. Ukifunua ya tatu, ni N, na kwisha: mbuni peke yake ndiye mwenye N hapo. Funua ya pili. Ni B, inamwondoa mjusi na kumwacha mtoto na wawili, mbuzi na mbuni, ambao kitendawili kinaweza kuwatenganisha akikirudia polepole. Hiyo ndiyo kazi ya dokezo: kupunguza wapinzani bila kumtaja mshindi. Kwa hiyo kabla hujaandika kipande chochote, jiulize ni nani mwingine anaingia katika kiunzi hicho, kisha amua mapema kifuniko kipi kitatoka kwanza. Weka nukta ndogo ya kalamu juu ya kifuniko hicho ili mtegaji mtoto asibahatishe.

Wapo wengine wanaogongana hivyo. Mchwa na mbwa wote ni _ _ _ A, maana CH ni kisanduku kimoja. Kwa mchwa sema "Mjenzi kipofu, ghorofa lake linampita mpita njia". Mchwa wafanyakazi wengi hawaoni, na vichuguu vilivyosimama kando ya barabara za Turkana vingine ni virefu kuliko mtu. Kwa mbwa inatosha "Nikifurahi nasema kwa mkia." Mamba na kanga, yule ndege wa madoadoa, wote ni _ A _ _ A. Kanga ni "Kofia ya mfupa, nguo ya nukta nyeupe." Cha mamba nakipenda kuliko vyote vya seti hii:

Kinywa kinachoua ndicho kinachobeba watoto, na ulimi haujawahi kutoka nje.

Mamba jike huwabeba vifaranga wake mdomoni, kutoka kwenye shimo la mayai hadi majini, na ulimi wake umeshikamana na sakafu ya kinywa hivi kwamba hawezi kuutoa. Ziwa Turkana lina mamba wengi, na watoto wa Kalokol na Eliye Springs hawamhitaji mtu wa kuwaambia yupo. Lakini sifa ya kubeba watoto hushangaza hata wao, kwa sababu anayekaa karibu na mamba hasubiri kumtazama kinywani.

Kesi ya machozi mawili

Kitendawili kinaweza kuwa kizuri masikioni na bado kikawa na majibu mawili halali. Huu hapa mfano, uutazame kwa makini kabla hujatunga vya kwako. Mtu anatunga hivi kuhusu digidigi, yule swala mdogo wa vichakani: "Nina chozi jeusi usoni na sijalia." Ni kweli, chini ya jicho la digidigi kuna tezi nyeusi inayoonekana kabisa. Mtoto mmoja anajibu "Duma." Naye yuko sahihi, kwa sababu duma ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni. Mtegaji atasema hapana, mtoto atasema kwa nini hapana, na mtegaji hana jibu.

Namna ya kutibu si kubadili mnyama, ni kuongeza nusu ya pili inayosema chozi lina kazi gani:

Nina chozi jeusi na sijalia. Nalo naandikia mpaka wangu.
_ I _ I _ I _ I

Digidigi huingiza ncha ya kijiti au jani kwenye tezi ile na kuacha ute mweusi unaonata, alama ya mipaka yake. Duma hafanyi hivyo. Na irabu zinamkataa duma papo hapo, kwa kuwa yeye ni _ U _ A.

Hata hivyo kiunzi cha I nne kina mpinzani mwingine, sisimizi. Hapo sina wasiwasi, kwani hakuna mtoto atakayemdhania sisimizi ana chozi. Ila ukimtega sisimizi mwenyewe, kwa mfano "Tunafuatana bila mwalimu, na mzigo unatuzidi mwili," usitoe irabu haraka. I nne mfululizo zinavutia macho na mtoto atasema digidigi kabla hajakumbuka mzigo.

Na yule duma wa _ U _ A ana mpinzani wake, chura. Cha chura ni hiki: "Utotoni nina mkia sina miguu, ukubwani nina miguu sina mkia." Kitege mvua ikishanyesha, mto Tarach ukiwa umeacha madimbwi na usiku una kelele. Wakati wa kiangazi mtoto wa Kakuma atakwambia humo hamna chura, na hatakuwa amekosea sana.

Vya usiku na vya kucheka

Kitendawili cha nge nimekiweka kwa sababu ya usalama pia. Katika sehemu kame kama hizi nge huingia kwenye viatu, chini ya mikeka na kwenye marundo ya kuni.

Watoto nimewabeba mgongoni, sindano nimeishika nyuma.
_ _ E

Nge jike huwabeba watoto wake mgongoni tangu wazaliwe hadi watakapojibanduka ngozi ya kwanza. Mtoto akishajibu, muulize amemwona wapi mara ya mwisho. Majibu yatakuonyesha nyumba yenye rundo la kuni karibu na mahali pa kulala.

Cha fisi ni cha kuchekesha, na kila seti inahitaji kimoja cha hivyo ambacho mwalimu mwenye haya atakiruka:

Naacha chaki kila ninapopita, lakini darasani sijaingia.
_ I _ I

Fisi hutafuna mifupa, na kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya madini ya mifupa hiyo. Watoto wachungaji watajibu kabla hujamaliza. Wa mjini watatoa kituo, wapewe irabu, na wakisikia jibu watarudia kitendawili hicho nyumbani wiki nzima.

Nzige ni wa wale wanaokumbuka mwaka 2020, makundi ya nzige wa jangwani yalipofika Turkana:

Peke yangu sina jina. Tukiwa wengi serikali inatutumia ndege.
_ _ I _ E

Kwa watoto wadogo waliozaliwa baadaye hiki hakifanyi kazi. Kiache kwa Gredi ya 5 na kuendelea, au kwa wazazi.

Mnyama ambaye nusu ya kundi haijamwona

Seti ya Lodwar haiwezi kuhamia Kakuma kama ilivyo. Mtoto aliyekulia Bukavu huenda alimwona ngamia kwa mara ya kwanza hapo kambini, na mtoto wa Kiturkana hajawahi kuona msitu wa Ituri. Usitatue hilo kwa kuondoa wanyama wa upande mmoja. Ruhusu kila kundi lilete mnyama mmoja wa kwao, kwa sharti moja: mnyama asiyejulikana na wengine hutegwa irabu zikiwa wazi tangu mwanzo, bila kuuza mji. Mfano mzuri ni huu kutoka Kongo:

Miguu nimeazima kwa pundamilia, ukoo wangu ni wa twiga.
O _ A _ I

Ni okapi, ambaye porini huishi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake. Wengine watashindwa, na ni sawa, lakini watakuwa wameona kwamba jina la mnyama linaweza kuanza kwa irabu, jambo ambalo mifano mingine yote ya seti hii haina.

Wapo pia wanyama wenye majina mawili, na hapo kipande ndicho mwamuzi. Tembo ni _ E _ _ O, ndovu ni _ _ O _ U. Mtoto akisema "ndovu" na kipande ni cha tembo, mpe alama ya kitendawili na umnyime ya herufi. Alama ziwe mbili siku zote: moja ya kujua mnyama, moja ya kujaza visanduku. Bila mgawanyo huo anayejua nyika na asiyejua kuandika hatapata kitu, wala anayejua kuandika na asiyejua nyika.

Mgawanyo huo unasaidia kwenye matamshi pia. Kiturkana hakina sauti za F na Z, hivyo mtoto anaweza kusema "pisi" kwa fisi na "mbusi" kwa mbuzi, na anapofika kwenye kisanduku anaweka S kwa uaminifu kabisa. Kisomali hakina P, na punda hugeuka "bunda". Usikatae jibu. Sema "ndiye," mpe alama ya kwanza, kisha funua kifuniko kimya kimya aone herufi yenyewe. Ukimsahihisha mdomo mbele ya wenzake hatatega tena. Upande wa pili, NG' inayowashinda watoto wengi mahali pengine haiwasumbui wa Kiturkana hata kidogo, kwa kuwa lugha yao imejaa sauti hiyo. Kinachowasumbua ni kukumbuka kibainishi chake kwenye maandishi.

Dalili za kitendawili kibovu

Utaijua kasoro kwa kusikiliza. Mikono yote ikinyanyuka kabla hujafika nusu ya pili, kitendawili hicho kimekwisha kukaririwa na hakina kazi tena. Kiweke kando kwa muhula mmoja. Ukipata majibu matano tofauti na kila mtoto anaweza kulitetea lake, sifa uliyochagua ni pana mno, rudi ukaongeze nusu ya pili kama tulivyofanya kwa digidigi. Na watoto wakiacha kukusikiliza wakaanza kuita majina ya wanyama wakifuata irabu tu, umetoa kipande mapema. Kifunike chote, rudia kitendawili mara mbili, na weka sharti kwamba anayejibu aseme pia "kwa sababu", akigusa nusu zote mbili za maneno. Asiyeweza kusema sababu, jibu lake halihesabiwi hata likiwa sahihi. Sharti hili pekee hupunguza kelele kuliko kiboko chochote.

Kwa kikao kimoja vitendawili sita vinatosha kwa Gredi ya 2 na 3, kumi kwa wakubwa. Nyuma ya kila kipande andika mambo mawili kwa herufi ndogo: jibu, na jina la mnyama mpinzani mwenye irabu zile zile kama yupo, ili mwalimu mwingine atakayekichukua ajue kifuniko kipi cha kuanza nacho. Vifuniko hesabu kabla na baada. Vya soda hupotea upesi, maana watoto huvitumia pia kwa magurudumu ya magari yao ya waya.